SOMO: KARATASI YA BIOPSI, NA NAMNA YA KUISOMA

Msomaji, kuna kidonda kinachojulikana na watu wengi katika vijiji vyetu. Mtoto aliungua kwa moto ao kwa mafuta. Akapona, lakini akabaki na kovu kubwa, gumu, lenye kung'aa. Miaka ikapita, 20 ao 30. Kovu likapasuka, likafunga, likapasuka tena. Halafu siku moja halikufunga. Kando za kidonda zikainuka kama ukuta, kikaanza kutoa harufu mbaya, na kila kilipoguswa kikatoka damu.

Kidonda cha namna hii kinaweza kugeuka kuwa kansa ya ngozi. Hata kidonda cha mguu cha siku nyingi ambacho hakikutokana na moto kinaweza kugeuka hivyo. Madaktari wanakiita kidonda cha Marjolin, kwa jina la daktari Mfaransa Jean-Nicolas Marjolin, ambaye aliandika juu ya vidonda vya makovu katika mwaka 1828.

Lakini si kila kidonda cha zamani ni kansa, na jicho peke yake haliwezi kuamua. Ndiyo sababu daktari anakata kipande kidogo na kukituma kwa daktari mwingine, ambaye kazi yake ni kutazama nyama ya mwili kwa mikroskopi. Kazi hii ya kukata kipande na kukitazama inaitwa biopsi. Baada ya siku nyingi karatasi inarudi. Katika somo hili tutamfuata mtu mmoja wa mfano, mkulima wa miaka 47, mwenye kovu la moto mbele ya mguu wa kushoto chini ya goti. Karatasi nne zilikuja juu ya mguu wake. Tutazisoma moja moja.

Tangu mwanzo shika neno hili moja: karatasi inasema juu ya kipande kilichofika, haisemi juu ya mtu mzima. Ukilishika hilo, maneno mengine yote ya karatasi yatakuwa mepesi.

1. Kipande kinapita njia gani

Kipande kikiisha kukatwa, kinatiwa mara moja katika chupa yenye formoli. Formoli inazuia nyama isioze. Inapasa kuwa nyingi, karibu mara 10 kuliko kipande chenyewe. Ikiwa kipande kikubwa kimebanwa katika chupa ndogo, formoli haifiki ndani, katikati inaoza, na daktari wa mikroskopi hawezi kusoma kitu.

Huko labo kipande kinapimwa kwa rula, kinakatwa, kinatiwa katika nta ya moto ili kiwe kigumu, halafu kinapasuliwa vipande vyembamba sana. Wembamba wao ni mikroni 4 ao 5. Mikroni ni nini? Ukigawanya milimeta 1 katika sehemu 1000, sehemu moja ndiyo mikroni. Vipande hivi vinatiwa rangi mbili, nyekundu na buluu, na kuwekwa juu ya kioo. Hapo ndipo daktari anaweza kuona chembe za mwili, moja moja, namna zilivyopangwa.

Unaona, basi, kwamba jibu haliwezi kuja kesho. Unaona pia kwamba daktari huyu hakumwona mgonjwa. Hakumshika mguu wala kusikia harufu ya kidonda. Anajua kile alichoona katika kioo, na kile alichoambiwa kwa maandishi.

2. Sehemu za karatasi

Karatasi nyingi zina sehemu nne, moja chini ya nyingine.

Sehemu ya kwanza ni jina, umri, tarehe, namba ya kipande, na habari za ugonjwa. Usikimbie hapa. Hakikisha jina ni la mgonjwa wako, na upande wa mwili ni ule ule. Kama mguu ni wa kushoto na karatasi inasema wa kulia, simama kwanza, uulize. Tena jua hili: habari za ugonjwa zilizo juu ya karatasi ni maneno ya daktari aliyetuma kipande. Labo imeyanakili tu. Kama juu imeandikwa, “Kidonda, labda kansa,” hilo ni ulizo la daktari, si jibu. Watu wengine wamesoma maneno hayo ya juu wakalia, na wengine wamesoma, “Uvimbe wote ulitolewa,” wakafurahi, lakini jibu lilikuwa bado liko chini.

Sehemu ya pili inasema namna kipande kilivyoonekana kwa macho: ukubwa wake, rangi, hesabu ya vipande. Watu wanairuka, lakini utaona kwamba sehemu hii inaweza kufaa sana.

Sehemu ya tatu inasema yaliyoonekana kwa mikroskopi. Ni ndefu na maneno yake ni magumu.

Sehemu ya nne ni mstari wa mwisho, unaoitwa konkluzio. Hili ndilo jibu. Lakini jibu hili limefupishwa kutoka sehemu zilizo juu yake, na mtu akilisoma bila hizo anaweza kupotea. Mkulima wetu alipotea hivyo.

3. Karatasi ya kwanza: “Hakuna kansa”

Kidonda chake kilikuwa kimekaa wazi miaka 3. Katika kituo cha afya walikata kipande kimoja katikati ya kidonda. Karatasi ilirudi, na konkluzio ilisema hivi: “Kidonda cha siku nyingi chenye uchafu na usaha. Ngozi ya juu imekua kupita kiasi. Hakuna kansa katika kipande kilichopokelewa. Kipande ni chembamba. Kama mashaka yanabaki, tunaomba kipande kingine chenye kina.”

Jamaa walisoma maneno mawili, “Hakuna kansa.” Wakarudi nyumbani, wakaendelea kufunga kidonda kwa vitambaa muda wa miezi 4. Kidonda kikazidi kupanuka.

Sasa tuisome tena pamoja. Angalia kwanza sehemu ya pili: kipande kimoja, milimeta 4 kwa 3, unene milimeta 1 na nusu. Ni kidogo kama punje ya mchele. Kilitoka katikati ya kidonda, pahali penye nyama iliyokufa na usaha. Kansa ya kidonda cha zamani kwa kawaida inapatikana katika ukingo ulioinuka, na inashuka chini. Kipande hiki hakikugusa ukingo, wala hakikushuka.

Tena kuna jambo la pili. Ngozi iliyo kando ya kidonda cha siku nyingi inajaribu kila siku kufunga pengo. Inakua, inatuma vidole vyake chini, na kwa mikroskopi vidole hivi vinafanana sana na mwanzo wa kansa. Ili kutofautisha, daktari anahitaji kuona vidole vile vinaishia wapi. Kama kipande ni chembamba, mwisho wao haumo ndani yake. Ndiyo maana aliandika, “Tunaomba kipande kingine chenye kina.” Hakuandika hayo kwa adabu tu. Alikuwa akisema, “Mimi sikuweza kuona.”

Basi konkluzio ile haikusema mtu huyu hana kansa. Ilisema haikuonekana katika punje ile. Soma maneno yote ya mstari, hasa yale yanayofuata baada ya neno “hakuna”: katika nini? Wapi? Na daktari anaomba nini tena?

Pima vilevile nguvu ya neno. Daktari wa mikroskopi akiandika, “Ni karsinome,” yuko hakika. Akiandika, “Inapatana na karsinome,” anaona dalili zake na habari za ugonjwa zinakubaliana, lakini anataka daktari aliyemwona mgonjwa akubali pia. Akiandika, “Inaleta mashaka ya karsinome,” hajathibitisha, na mguu haukatwi kwa neno hilo. Inapasa kutafuta kipande kingine. Akiandika, “Karsinome haiwezi kukataliwa,” hakusema iko, wala hakusema haiko. Neno hili linawaogopesha wengine na kuwatuliza wengine, lakini maana yake ni moja tu: kazi haijaisha.

Kanuni ya kushika ni hii: kama karatasi na kidonda havikubaliani, usiiamini karatasi kupita kidonda. Kidonda chenye ukingo ulioinuka, kinachokua na kutoka damu, kinastahili kipande kingine hata kama cha kwanza kilikuwa safi.

4. Karatasi ya pili: gradi

Muuguzi mmoja aliisoma karatasi ile mpaka mwisho, akamtuma mkulima kwenye hospitali. Pale daktari alikata vipande 4 kutoka ukingo, juu, chini na pande mbili. Kila kimoja kilishika kidogo cha ngozi nzima na kidogo cha kidonda, na kilishuka milimeta 6. Konkluzio ya pili ilisema: “Karsinome epidermoide yenye kupenya, diferansie vizuri, gradi 1 kati ya 3. Uvimbe unafika mwisho wa chini wa vipande. Kina hakiwezi kupimwa.”

Karsinome epidermoide ni kansa inayotoka katika chembe za ngozi ya juu. Neno “yenye kupenya” ni kubwa. Ngozi ya juu inakaa juu ya mpaka mwembamba, kama mkeka juu ya udongo. Chembe mbaya zikiwa bado juu ya mkeka, karatasi inaandika “in situ,” maana yake zingali pahali pake. Zikivuka mkeka na kushuka, ndipo inaandikwa kwamba zinapenya. Chini ya mkeka ndipo mishipa ilipo, na kwa mishipa hiyo kansa inaweza kusafiri.

Sasa neno gradi. Gradi inaeleza chembe za kansa zinafanana namna gani na chembe walizotoka. Chembe nzuri za ngozi zina kazi: zinatengeneza kitu kigumu kama kile cha kucha. Ikiwa chembe za kansa bado zinakumbuka kazi hii, daktari anaona katika kioo viduara vigumu vyenye tabaka, kama lulu. Hapo anaandika “diferansie vizuri,” ao gradi 1. Kama zinaikumbuka nusu tu, ni gradi 2. Kama zimeisahau kabisa, na kila moja ina umbo lake, ni gradi 3.

Wewe utauliza, “Kwa nini karatasi nyingine inasema gradi 4?” Katika mwaka 1920 daktari Broders wa Amerika aligawanya kansa hizi katika gradi 4, kwa kuhesabu ni sehemu gani ya chembe zinazokumbuka kazi yao. Labo nyingi leo zinatumia 3. Kwa hiyo gradi 3 kati ya 3 ni mwisho wa ubaya, lakini gradi 3 kati ya 4 siyo. Siku zote tafuta neno “kati ya.”

Jamaa za mkulima waliposikia “vizuri” na “gradi 1” walishangilia tena. Waliona kwamba kansa ni ndogo, imeanza tu. Hapa kuna makosa mawili.

Kosa la kwanza ni kuchanganya gradi na hatua ya ugonjwa. Gradi inasema tabia ya chembe. Hatua inasema ugonjwa umefika wapi: ukubwa wake, kina chake, kama umeingia mfupa, kama umefika mitoki, kama umefika mapafu. Kansa ya gradi 1 inaweza kuwa imeshakula mfupa. Kansa ya gradi 3 inaweza kuwa ndogo kama harage. Karatasi ya pili haikusema hatua, na haikuweza kuisema, kwa sababu vipande havikufika mwisho wa uvimbe. Tena ilisema hivyo wazi: “Kina hakiwezi kupimwa.”

Kosa la pili ni kusahau kansa hii ilizaliwa wapi. Kansa ya gradi 1 iliyotoka kwa jua katika ngozi isiyo na kovu kwa kawaida inatembea polepole. Lakini kansa ya kovu la moto inasafiri kwenda mitoki mara nyingi zaidi, hata ikiwa diferansie vizuri. Neno “vizuri” limeandikwa juu ya kufanana kwa chembe. Halikuandikwa juu ya maisha ya mgonjwa.

5. Karatasi ya tatu: limiti

Daktari alipiga picha ya mfupa, akaona mfupa mzima. Akapima sentimeta 2 kuzunguka ukingo wote wa uvimbe, akakata, akatoa uvimbe pamoja na mafuta yaliyo chini yake. Kabla ya kutia kipande katika formoli alishona uzi mrefu upande wa goti na uzi mfupi upande wa ndani wa mguu. Bila nyuzi hizi, daktari wa mikroskopi asingejua upande gani ni upi, na kama angeona ubaya upande mmoja, hakuna mtu angejua pa kurudi.

Labo ilipaka wino kando zote za kipande na chini yake. Wino huo unabaki mpaka kwenye kioo. Daktari akitazama kwa mikroskopi, pahali penye wino ndipo kisu kilipopita. Nyuma ya wino kuna mguu wa mgonjwa. Basi anapima: kutoka chembe ya mwisho ya kansa mpaka wino, ni milimeta ngapi? Nafasi hiyo inaitwa limiti.

Karatasi ya tatu ilisema: “Kipande cha milimeta 86 kwa 69. Uvimbe wa milimeta 52 kwa 38, kina milimeta 9. Karsinome epidermoide, gradi 2 kati ya 3. Haikuonekana katika mishipa ya fahamu wala ya damu. Limiti: upande wa goti 18, upande wa kisigino 16, upande wa ndani 14, upande wa nje 17. Limiti ya chini 0.4.” Na konkluzio: “Karsinome epidermoide gradi 2, imetolewa yote, limiti za kando ni safi, limiti ya chini ni karibu sana.”

Kuna mambo matatu ya kufahamu hapa.

Kwanza, gradi imegeuka, 1 imekuwa 2. Je, labo ilikosea? Hapana. Vipande 4 vya kwanza vilitoka ukingoni. Sasa daktari ameona uvimbe wote, na ndani yake kulikuwa pahali pabaya zaidi. Gradi ya kipande kidogo ni ya muda. Gradi ya uvimbe wote ndiyo inayofuatwa.

Pili, daktari alipima milimeta 20 pande zote, lakini karatasi inasema 18, 16, 14 na 17. Je, alidanganya? Hapana. Ngozi ikikatwa inajikunja, na formoli inaikaza zaidi. Tena kansa inaweza kupita chini ya ngozi mbele ya ukingo unaoonekana kwa macho. Kwa sababu hizi mbili, limiti ya karatasi kwa kawaida ni fupi kuliko ile iliyopimwa mezani.

Tatu, na hili ndilo zito, limiti ya chini ni 0.4. Hiyo haifiki nusu ya milimeta. Konkluzio inasema, “Imetolewa yote,” na neno hilo ni la kweli: pahali daktari alipotazama, chembe za kansa hazikugusa wino. Lakini alitazama wapi? Kipande kilikatwa kama mkate, na katika kila mkate alitazama utando wa mikroni chache. Sehemu kubwa ya upande wa chini haikupita chini ya mikroskopi hata mara moja, wala haiwezekani kuitazama yote. Limiti ikiwa ya milimeta 14, hilo halileta hofu, kwa kuwa nafasi ni kubwa. Limiti ikiwa 0.4 katika utando uliotazamwa, katika utando wa jirani inaweza kuwa sifuri. Ndiyo sababu madaktari wengi hawaridhiki na limiti isiyofika milimeta 1 katika kansa hii.

Sasa soma konkluzio tena. “Imetolewa yote” na “limiti ya chini ni karibu sana” ziko katika mstari mmoja. Mtu aliyechoka atashika ile ya kwanza. Wewe shika zote mbili, halafu uliza: chini ya milimeta hizo 0.4 kuna nini? Mbele ya mguu, chini ya goti, hakuna nyama nyingi. Chini ya mafuta kuna utando wa mfupa, na chini ya utando kuna mfupa wenyewe. Kama chembe zilibaki hapo na kovu jipya likafunga juu yao, zingerudi ndani ya mfupa, na hapo dawa ingekuwa kukata mguu.

Angalia pia jambo ambalo karatasi haikutaja. Haikutaja mitoki. Mkulima alikuwa na mitoki miwili iliyovimba katika kinena cha kushoto. Kidonda chenye usaha kinavimbisha mitoki, na kansa pia inaivimbisha. Karatasi ya mguu iko kimya juu ya kinena kwa sababu hakuna kipande cha kinena kilichotumwa. Kimya hicho usikifanye kuwa jibu. Daktari aliingiza sindano katika mtoki mmoja na kuvuta chembe, hakukuonekana kansa. Baada ya wiki 6, usaha ulipokwisha, mitoki ilikuwa imerudi ndogo. Mambo hayo mawili yalikubaliana, na ndiyo yaliyomtuliza daktari. Sindano peke yake isingetosha.

6. Karatasi ya nne: “Hakuna kansa” tena

Daktari alimweleza mkulima na mke wake mambo hayo ya limiti, akachora mguu juu ya karatasi, akaweka alama pahali pa 0.4. Mkulima akauliza, “Kama mlisema imetoka yote, mnanikata tena juu ya nini?” Daktari akamjibu, “Baba, ilitoka yote pale tulipoona. Pale tusipoona, sitaki kubahatisha mguu wako.” Akakubali.

Walirudi pahali pale pale, wakatoa utando wa mfupa wote uliokuwa chini ya kidonda na tabaka nyembamba ya juu ya mfupa. Karatasi hii ilichelewa sana, kwa maana mfupa haukatiki kwa kisu cha labo mpaka umelazwa siku nyingi katika dawa ya kuulainisha. Kuchelewa hakukuwa dalili mbaya. Konkluzio ilisema: “Utando wa mfupa na mfupa, vipande 7, vyote vilitazamwa. Kovu la upasuaji. Hakuna kansa katika vipande vilivyopokelewa.”

Sasa linganisha na karatasi ya kwanza. Maneno ni karibu yale yale: hakuna kansa katika kilichopokelewa. Lakini ile ya kwanza ilisema juu ya punje moja, nyembamba, iliyokatwa pahali pasipofaa, na mwenyewe aliyeandika aliomba nyingine. Hii ya nne inasema juu ya tabaka nzima iliyotolewa pale hasa ambapo ubaya ulikuwa ukiogopwa, na hakuna ombi lolote mwishoni. Nguvu ya neno “hakuna” inatoka katika kipande.

Hata hivyo karatasi ya nne nayo haikusema juu ya mtu mzima. Haikusema juu ya kinena wala mapafu, wala juu ya miaka inayokuja. Kwa sababu hiyo daktari alimwandikia arudi kila miezi 3 kwa miaka 2, halafu kila miezi 6. Kila mara watashika kovu kwa vidole, na watashika kinena. Mke wake alifundishwa kufanya hivyo nyumbani pia: kama kuna uvimbe mgumu katika kinena usiouma, ao kovu likipasuka na kukaa wazi kupita wiki 4, wasingoje tarehe ya kurudi.

Karatasi zote nne ziwekwe pamoja katika mfuko mmoja mkavu, na mgonjwa azichukue kila anapokwenda hospitali. Daktari mgeni akiona ya mwisho tu, hatajua gradi. Akiona ya pili tu, atafikiri gradi ni 1. Akiona ya kwanza tu, atafikiri mtu huyu hakuwa na kansa kamwe.

MAULIZO

1. Maneno “Kidonda, labda kansa” yameandikwa juu ya karatasi, chini ya jina. Ni nani aliyeyasema, na je, ni jibu?

2. Karatasi inasema hakuna kansa, lakini ukingo wa kidonda umeinuka na kinazidi kukua. Utatafuta nini katika sehemu ya pili ya karatasi? Utafanya nini?

3. Kuna tofauti gani kati ya gradi na hatua ya ugonjwa? Kwa nini kipande kidogo hakiwezi kusema hatua?

4. Mgonjwa mmoja ana gradi 3 kati ya 3, na mwingine gradi 3 kati ya 4. Je, ni sawasawa?

5. Kwa nini daktari anashona nyuzi katika kipande kabla ya kukituma?

6. Konkluzio inasema, “Imetolewa yote, limiti ya chini 0.4.” Mweleze mgonjwa mstari huu kwa maneno yako mwenyewe, bila kumdanganya na bila kumwogopesha bure.